Barua ya muuguzi wa shule kuhusu mapunye: la kufanya jioni hiyo

Mtoto amerudi na karatasi kwenye begi: "Mzazi au Mlezi, mwanafunzi mmoja wa darasa la mwanao amegundulika ana choa. Tafadhali mkague mtoto wako." Kwa sisi tulio Marekani, barua hiyo haisemi kwamba mwanao ameambukizwa, darasa zima limepelekewa. Jina la mgonjwa halimo kwa sababu muuguzi haruhusiwi kulitaja, kwa hiyo usianze kulisaka kwenye kundi la wazazi la WhatsApp.

Mkague penye mwanga mzuri. Mwilini choa ni baka la mviringo lenye ukingo ulioinuka na magamba, na katikati pameanza kusafika. Kwenye ngozi yetu ukingo huo huwa wa kahawia au kijivu, si mwekundu kama kwenye picha nyingi.

Kichwani, ambako choa huitwa mapunye, ndiko wengi wanakopitwa. Mfumue misuko, gawa nywele mistari mistari, utafute magamba, sehemu iliyonyonyoka, au vidoti vyeusi ambavyo ni nywele zilizokatikia kwenye ngozi. Mpapase na nyuma ya shingo kama ana tezi. Mtoto wa miaka sita mwenye "mba" isiyoisha, mimi humshuku mapunye kwanza.

Tuseme umekuta baka mkononi tu. Krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 inauzwa famasi bila cheti. Paka mara mbili kwa siku, upite kidogo ukingo wa baka, kwa wiki mbili hadi nne, hata likionekana limepona mapema. Ile krimu ya mchanganyiko uliyoletewa kutoka nyumbani iache kabatini: nyingi zina steroidi, ambayo huondoa muwasho huku fangasi wakiendelea kuenea chini kwa chini.

Ukikuta dalili kichwani, krimu haitasaidia, kwa sababu fangasi wako ndani ya shina la nywele. Hapo ni daktari, na dawa ya kunywa ya wiki kadhaa, kwa kawaida griseofulvini au terbinafini. Griseofulvini hufyonzwa vizuri ikiandamana na mafuta, kwa hiyo mpe pamoja na maziwa yasiyopunguzwa mafuta au mayai. Daktari huongeza shampuu ya ketokonazoli ili kupunguza vijidudu vinavyodondoka. Peke yake haiponyeshi. Kumnyoa si lazima. Vitana, kofia na mashine ya kunyolea visichangiwe, na ndugu zake wakaguliwe pia.

Kwa kawaida anarudi shule matibabu yakishaanza. Mwombe daktari kikaratasi cha kuthibitisha, maana shule nyingine hukidai mlangoni.

Akitokea uvimbe laini wenye maumivu na usaha kichwani, usiukamue. Mrudishe kwa daktari siku hiyohiyo, kwani ukicheleweshwa unaweza kuacha kovu, na hapo nywele hazioti tena.