Kuoka Keki kwa Oveni ya Feni Ukitumia Vipimo vya Oveni ya Kawaida

Wifi yangu alipohamia kwenye oveni yenye feni, aliniuliza kwa nini keki yake ileile ya siagi imeanza kupasuka juu huku katikati ikibaki mbichi. Mfano nitakaoutumia hapa ni keki hiyo: siagi, sukari na unga robo kilo kila kimoja, mayai 4, chombo cha mviringo cha sentimita 23, nyuzi 180 za sentigredi kwa dakika 50.

Hatua ya 1. Washa oveni mapema, na uweke rafu ya waya katikati. Chombo kisiguse ukuta wala kuikaribia feni.

Hatua ya 2. Punguza joto kwa nyuzi 20, yaani weka 160. Wengi hukosea hapa kwa kuacha 180 na kupunguza dakika, na kwa keki nene mimi siukubali utaratibu huo hata kidogo. Feni haiongezi joto lililoandikwa kwenye kitufe. Huisukuma hewa ya moto hadi juu ya keki na kuondoa tabaka la hewa iliyopoa kidogo ambalo kwa kawaida huizunguka, hivyo uso hupokea joto kwa kasi zaidi. Ndani ya keki, hata hivyo, joto bado husafiri polepole vilevile. Ukiacha 180, gamba hukauka kabla rojo ya katikati haijamaliza kuumuka, kisha rojo hiyo husukuma kwa nguvu na kulipasua. Ukipunguza dakika tena, unaitoa mbichi.

Kabla ya kupunguza, hakikisha mambo mawili. Soma kama maelekezo ya keki yako yametaja feni, kwa sababu ukipunguza mara mbili keki itabaki bapa na rangi yake itapauka. Pia angalia kijitabu cha oveni, kwani baadhi ya oveni hupunguza joto zenyewe unapochagua feni. Ningependa kila mwokaji awe na kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani, maana namba za kitufe mara nyingi hudanganya. Kikisoma 175 ilhali umeweka 160, teremsha kitufe hadi kipimajoto kisome 160.

Hatua ya 3. Usifungue mlango mapema. Anza kuchungulia dakika ya 40, kwa njiti katikati. Ikitoka na rojo, rudisha kwa dakika 5 na upime tena. Keki hii inaweza kuiva kabla ya dakika 50, au ikazifikia zote.

Hatua ya 4. Ikiwa bado imepasuka na kuwa kahawia mno, mara ijayo weka 150 na uongeze dakika chache. Ikiwa imeinama upande mmoja, huenda feni ndiyo inayoisukuma: geuza chombo uso wake ukishashika, baada ya theluthi mbili za muda. Biskuti nyembamba hazina shida hii. Kwazo unaweza kuacha joto lilelile na kupunguza dakika tu, ukikaa karibu na mlango.