Klabu ya kusoma ya likizo hapo mtaani: unavyoianzisha na kuiendesha wiki tatu bila kufa njiani

Likizo ya mwezi wa sita watoto wanajaa mtaani na wazazi wanaanza kuulizana wawapeleke wapi, na mtu akisikia klabu ya kusoma anawaza kukusanya vitabu, kuweka watoto kwenye mkeka na kuwaambia someni. Hiyo inaishia siku ya nne. Mana'ke kwenye huo mkeka una mtoto wa darasa la tano anayesoma gazeti vizuri na mwenzie wa darasa hilohilo anayebabaika kwenye "nyanya", wote umewapa kitabu kimoja, mmoja anaboreka na mwingine anaona aibu, kesho hawarudi. Naeleza hapa ninavyofanya mimi Dar, watoto 20 hivi, watu wazima wawili na vijana wawili wa kusaidia, bajeti ndogo.

Hatua ya 1: muda, sehemu na watu

Chukua wiki tatu tu, Jumatatu mpaka Alhamisi, saa 3 hadi saa 5 asubuhi. Usijaze likizo nzima, wengine wanasafirishwa kwa bibi mkoani, alafu mchana watoto wengi wana madrasa, kwahiyo ukiweka saa 8 umeshawapoteza. Sehemu yoyote yenye kivuli na choo inafaa, baraza ya mtu, ukumbi wa kanisa, ofisi ya serikali ya mtaa. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa kabla hujatangaza, mwachie barua yenye majina ya watu wazima watakaokuwepo na namba zao, akiulizwa na mzazi awe na jibu.

Usiite tuisheni na usifundishe silabasi. Kwa mlioko Kenya hili si la kuchagua kabisa, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni ya likizo. Na jambo la usalama halina mjadala: hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto, kila mzazi anaandika nani anakuja kumchukua mwanawe, na namba 116 ya huduma kwa mtoto bandika ukutani, ni bure kupiga.

Wasaidizi wazuri kuliko wote kwa likizo ya Desemba ni waliomaliza darasa la saba, mtihani wanafanya Septemba na hadi Januari wapo tu nyumbani. Wadogo wanawasikiliza kuliko wanavyotusikiliza sisi.

Hatua ya 2: vitabu

Vya kununua ni vizuri ila vinakula bajeti yote kwa nakala chache. Mimi natumia hadithi za bure za africanstorybook.org, zipo nyingi za Kiswahili, zina picha, leseni yake inaruhusu kuprinti na kugawa, na zimepangwa kwa ngazi 1 mpaka 5. Kabla hujaprinti isome yote mwenyewe kwa sauti, kuna ambazo Kiswahili chake kimekaa vibaya na kuna za lahaja ya upande wa pili wa mpaka, wala si kosa ila mtoto anayebabaika usimwongezee mzigo. Chagua hadithi 12, nne nne kwa kila kundi (makundi nakuja nayo).

Steshenari usiwaache waprinti ukurasa mmoja kwa karatasi moja, utalia. Waambie wachague `Booklet` kwenye sehemu ya kuprinti, karatasi moja ya A4 inakunjwa katikati na kutoa kurasa nne, kwahiyo hadithi ya kurasa 16 ni karatasi 4 tu. Mashine ikiwa inageuza yenyewe wachague `Flip on short edge`, la sivyo nyuma itatoka kichwa chini miguu juu. Isipogeuza yenyewe waprinti `Front side only`, alafu karatasi zirudi kwenye mashine wamalizie `Back side only`. Jaribu nakala moja kwanza!! Ikunje, fungua, hakikisha ukurasa wa 2 unafuata wa 1, ndio uagize zingine.

Stepla za kawaida hazifiki katikati ya karatasi, usihangaike. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, pitisha sindano na uzi. Hii kazi wape watoto wenyewe siku ya pili, wanaipenda sana na kitabu alichoshona mwenyewe hakichani.

Hatua ya 3: siku ya kwanza ni ya kupima

Usiwapange kwa darasa, wapange kwa uwezo wa kusoma. Tengeneza karatasi moja yenye sehemu tano: herufi kumi, silabi kumi, maneno kumi (weka na ya kusumbua kama ng'ombe, mbwa, njia), aya fupi ya sentensi nne, na hadithi ya maneno kama 60. Tengeneza mbili tofauti, mana'ke wanaosubiri foleni wana masikio, wa kumi akifika ameshaikariri aya yote. Mpimie pembeni, mmoja mmoja, dakika tatu nne zinatosha.

Anzia kwenye aya, usianzie herufi. Akiisoma bila kukwama sana mpandishe kwenye hadithi, akishindwa mshushe kwenye maneno, akishindwa tena silabi. Andika pale alipofika salama. Ukiona anasoma kwa mtiririko mzuri lakini macho yako juu, ziba aya kwa kiganja, mnyooshee neno moja la katikati umuulize hili ni nini. Aliyekariri atakwama hapohapo.

Utapata makundi matatu: wa silabi, wa maneno na sentensi, wa hadithi. Usiyaite kundi la kwanza, la pili, la tatu, watoto sio wajinga. Sisi tunaita Simba, Twiga na Tembo, na ndani ya Simba unaweza kumkuta wa darasa la pili na wa darasa la tano.

Hatua ya 4: masaa mawili yanavyoenda

Nusu saa ya kwanza wote pamoja, mtu mzima anasoma hadithi kwa sauti na anaikatisha sehemu tamu, itamaliziwa kesho. Usidharau hii, ndio inayowarudisha. Kisha dakika 45 za makundi, kisha uji na michezo, dakika za mwisho kila mtu anachagua kitabu cha kwenda nacho nyumbani.

Kwenye makundi, wa silabi wanachezea kadi. Kata maboksi vipande vidogo, andika silabi kwa markapeni, ma me mi mo mu, ka ke ki ko ku, watoto wanapanga kaka, kumi, mama. Usimalize mstari mzima wa konsonanti ndio uende mwingine, changanya miwili mitatu mapema ili wapate maneno ya kweli. Mba, nda, nya, cha ziandike kadi moja moja zikiwa zimeungana hivyohivyo, mtoto akifundishwa m-b-a kama vitu vitatu atazunguka nayo miaka. Wa hadithi wao wape kitabu, wasome kimya, kisha wakusimulie ukiwa umefunga kitabu, na mara mbili kwa wiki wakawasomee wadogo.

Kundi la kati ndilo lenye kazi, na ndilo lenye watoto wengi. Hawa wanajua silabi zote lakini Kiswahili kina vitenzi virefu na wao wanashika mwanzo wa neno wanabashiri mwisho. Nilikuwa na dogo mmoja wa darasa la nne, kwenye kitabu imeandikwa "alimkimbilia mama" yeye anasoma "alikimbia mama", alafu ukimuuliza mama kafanyaje anasema kakimbia. Ukisikiliza haraka unasema huyu anasoma ila haelewi, kumbe anaelewa vizuri tu kile alichokisoma, tatizo ni silabi alizoruka katikati.

Tulichofanya ni penseli na ngazi. Kwanza anachora vitao chini ya neno, a-li-m-ki-mbi-li-a, hiyo m inasimama peke yake na mbi ni kipande kimoja. Alafu unamwandikia neno likikua taratibu:

kimbia
kimbilia
alikimbilia
alimkimbilia

Anasoma kushuka chini, kisha unamuuliza kila mstari nani anafanya nini kwa nani. Baada ya hapo anarudi kwenye aya ileile na kuisoma mara tatu, mara ya kwanza taratibu na wewe, ya pili na mwenzie, ya tatu peke yake ukiwa umeshika saa. Maneno matano ya namna hii kwa siku yanatosha, ukiweka kumi anachoka na anaanza tena kubashiri. Huyu dogo alianza na maneno 19 sahihi kwa dakika, wiki ya tatu kwenye aya ambayo hajawahi kuiona alisoma 34. Bado ni kidogo kwa darasa la nne, kigezo kilichowekwa Tanzania kwa darasa la pili baada ya tathmini ya 2013 ni maneno 50 kwa dakika, ila alikuwa haruki tena katikati. Wiki tatu haziwezi kumfikisha mtoto kila mahali, na hilo mzazi mwambie mapema.

Saa usiitoe kila siku. Mara moja kwa wiki, la sivyo wanageuza kusoma kuwa mbio na wanaanza kumeza silabi, yaani unarudi ulikotoka.

Hatua ya 5: vitabu vya kwenda nyumbani

Daftari moja, jina, kitabu, tarehe ya kutoka, ya kurudi. Wengi wanaogopa vitapotea na wanavifungia kabatini, sasa ulivitengeneza vya nini? Vikipotea vichache printi vingine, ni karatasi. Kazi ya nyumbani ni moja tu, amsomee mtu yeyote, bibi, mdogo wake, mama akiwa anauza, na huyo mtu aweke saini au dole kwenye kikaratasi. Msikilizaji sio lazima ajue kusoma.

Ukiona kitabu kinarudi kila asubuhi na saini lakini mtoto hawezi kukuambia mhusika alifanya nini, ujue saini zinawekwa tu kwa pamoja barazani. Usigombe, badilisha: mwambie bibi ndiye amuulize swali moja, na jibu aje nalo asubuhi.

Hatua ya 6: siku ya mwisho

Pima tena kwa ile karatasi ya pili ambayo mtoto hakuitumia siku ya kwanza. Mzazi mwandikie kikaratasi cha mistari mitatu, alianzia wapi, amefika wapi, na kitu kimoja cha kuendelea nacho, mfano "akikuta neno refu achore vitao kwanza". Usiweke nafasi ya kwanza wala ya pili. Kikaratasi hicho mwambie ampelekee mwalimu wa darasa shule zikifunguliwa Julai, na mtoto achague vitabu viwili vya kubaki navyo, vingine rudisha kwenye boksi kwa ajili ya Desemba.