Paka wa Nasaba au wa Kawaida? Mpime Pichani kwa Fuvu Kwanza, Rangi Mwisho

Karibu kila picha ya paka ninayotumiwa huja na swali la rangi. Ni wa kijivu, je, ni wa Urusi? Ana uso mweusi na macho ya buluu, je, ni wa Siamu? Rangi ndiyo ushahidi dhaifu kuliko wote. Jeni inayofifisha weusi ukawa kijivu imetapakaa kwa paka wa mitaani, na ile inayoleta uso, masikio, miguu na mkia wa rangi nzito inaweza kufichika kwa vizazi kadhaa, kisha ikajitokeza kwa mtoto wa paka wa jikoni. Ndiyo maana mimi hutazama fuvu kwanza, mwili baadaye, manyoya mwisho.

Ieleweke pia kwamba paka wa nasaba ni yule ambaye wazazi wake na wazazi wao wameandikwa katika daftari la shirika la wafugaji. Daftari halionekani pichani. Kwa hiyo picha inaweza kukufikisha kwenye “huyu siye”, na hapo ukawa na uhakika mkubwa, lakini upande wa pili inaishia kwenye “huenda”.

Hatua ya 1: Omba picha zinazofaa

Omba picha tatu: uso kwa ubavu, uso kwa mbele, na mwili mzima paka akiwa amesimama, ikipigwa kutoka ubavuni. Mpigaji achuchumae, simu iwe usawa wa macho ya paka, na asogee nyuma kama mita mbili. Picha itakatwa baadaye. Simu ikisogezwa karibu sana, pua huvimba na masikio huonekana yamerudi nyuma, na paka yeyote akipigwa hivyo hupata sura ya ajabu.

Uliza mambo mawili: umri, na kama ni dume ambaye hajahasiwa. Mtoto wa paka wa miezi miwili ana uso wa mviringo na masikio makubwa hata awe wa ukoo gani, kwa hiyo simkatii shauri. Sababu ya swali la dume utaiona hapa chini.

Hatua ya 2: Soma mstari wa uso

Chukua picha ya ubavu ufuatishe mstari kutoka kipaji hadi ncha ya pua. Kwa paka wa kawaida mstari unashuka, unabonyea kidogo usawa wa macho, kisha unaendelea hadi kwenye pua ya urefu wa wastani. Hakuna kilichozidi.

Paka wa Uajemi wa siku hizi ana mkato mkali kati ya macho, na kipaji, pua na kidevu karibu vinalingana wima. Ukiona manyoya marefu ya kupendeza lakini pua imetokeza mbele, huyo siye Muajemi wa siku hizi, bei yoyote atakayotajiwa. Kwa paka wa Siamu wa maonyesho ya leo ni kinyume: mstari umenyooka bila kubonyea, na masikio makubwa yanaendeleza pembetatu ya uso kwenda juu.

Wanaosumbua ni wale wenye mashavu. Paka wa Uingereza wa manyoya mafupi ana kichwa cha duara, pua fupi pana na mashavu yaliyojaa, na watu hudhani kila paka mwenye mashavu ni yeye. Dume ambaye hajahasiwa naye huota mashavu mazito akikomaa. Paka shume wa sokoni anayo. Ziba mashavu kwa kidole kwenye kioo cha simu, utazame kinachobaki. Kama fuvu la juu ni jembamba, masikio yamekaribiana na pua ni ya wastani, umeona dume wa kawaida. Kwa yule wa Uingereza, duara linabaki hata mashavu yakizibwa, na masikio yamekaa mbalimbali.

Hatua ya 3: Mwili, na usidanganywe na unene

Paka wa kawaida yuko katikati: si mfupi wa kujazana, si mrefu mwembamba. Ukiambiwa paka ni wa aina ya mwili mzito, tazama miguu na mkia, si tumbo. Paka mzito kwa maumbile ana miguu mifupi minene na mkia mnene. Paka wa kawaida aliyenenepa ana tumbo kubwa juu ya miguu ileile ya wastani.

Hatua ya 4: Sasa manyoya

Alama inayofanana na herufi M kwenye kipaji haithibitishi lolote. Kila paka mwenye milia anayo. Cha kutafuta ni jinsi unywele wenyewe ulivyopakwa rangi, na kwa hilo utahitaji picha ya nne, ya karibu, kwenye mwanga wa kivuli bila kuwasha taa ya simu.

Mfano mzuri ni Sokoke, uzao wa paka wa nasaba, maana ametoka kwetu, pwani ya Kenya. Mwaka 1978, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke huko Kilifi, mwanamke aitwaye Jeni Slater aliwachukua watoto wa paka wenye mabaka ya pekee. Wagiriama walikuwa wakiwajua paka wa aina hiyo kwa jina la khadzonzo. Baadaye baadhi yao walipelekwa Denmark, na uzao ukaandikwa huko Ulaya.

Tuseme umetumiwa picha za jike mzima wa hudhurungi, mwenye mabaka mapana yaliyojizungusha ubavuni, na muuzaji anasema ni Sokoke. Uso: kichwa ni kikubwa kwa mwili, cha mviringo. Sokoke ana kichwa kidogo kwa kulinganisha na mwili, chenye mwelekeo wa pembetatu. Hapo shaka inaingia. Mwili: kifua kipana, na mgongo uko sawa kutoka mabegani hadi kiunoni. Sokoke ni mwembamba mwenye misuli, na miguu ya nyuma ni mirefu kidogo kuliko ya mbele. Shaka inaongezeka. Manyoya: ndani ya baka jeusi la ubavu, nywele ni nyeusi tii, bila chembe nyepesi. Kwa Sokoke, hata ndani ya mabaka kuna nywele zenye mikanda ya rangi nyepesi, hivyo baka huonekana limenyunyiziwa chumvi na pilipili, na manyoya ni mafupi yanayolala juu ya ngozi. Huyu ana manyoya mazito yaliyosimama.

Mabaka ya namna ile ni ya kawaida mno kwa paka wa Uingereza wasio na ukoo, kwa hiyo peke yake hayabebi jibu. Vipimo vitatu vimekataa: ni paka wa kawaida.

Na kama vyote vitatu vingekubali? Kwa uzao wa Sokoke ningesema “huenda” kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa ulitokana na paka wa vijijini wa pwani ileile, na ndugu zao wasioandikwa popote wanaweza kufanana nao hadi kwenye unywele. Hapo mwombe muuzaji hati za usajili za baba na mama, zenye majina na namba zao, kabla pesa haijatoka mkononi. Akikupa picha nyingine badala ya hati, mlipe bei ya paka wa kawaida au mwache.