Kabla hujafungua chupa ya eneji safari ya usiku, yajue kwanza mate yako

Shemeji yangu anaendesha semi, Dar mpaka Tunduma, na mwaka jana alinijia meno manne ya mbele ya juu yote yana mistari myeupe karibu na fizi kama mtu kachora na chaki, mawili yashaanza kuwa kahawia. Ananiambia shem, we ndo fundi wa meno kwenye familia, hebu nieleze, napiga mswaki asubuhi na usiku, pipi sili, keki sili, sasa hii imetoka wapi? Nikamuuliza barabarani unakunywaga nini. Akasema eneji moja tu, tena chupa moja inanitosha toka Chalinze mpaka Ruaha Mbuyuni. Aliisema kama mtu anayejisifia kujizuia, kumbe shida yote iko hapo kwenye "inanitosha".

Kwahiyo haya ni mambo niliyomwambia ayaangalie kabla ya safari, na yanamfaa mlinzi wa lindo la usiku, bodaboda, nesi wa zamu, mtu yeyote anayekaa na chupa ya kitu kitamu pembeni anapiga funda mojamoja.

Kabla ya yote elewa mate yanafanya nini, maana watu wengi wanayachukulia kama maji tu ya kulainishia ugali. Ni kweli zaidi ya asilimia 99 ni maji, ila hiyo asilimia moja iliyobaki ndo yenye kazi. Ndani yake kuna kalsiamu na fosfeti, madini yaleyale yaliyojenga enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, kwahiyo jino linakaa kwenye maji ambayo tayari yameshiba madini yake na halina sababu ya kuyeyuka, kama chumvi ukiitia kwenye maji yaliyoshiba chumvi, inakaa chini tu. Halafu kuna baikaboneti, ambayo ikikutana na asidi inaikamata, inageuka maji na gesi ya kabondayoksaidi, asidi imekwisha. Na hii baikaboneti haiji kwa kiwango kimoja. Ukiwa umetulia hutafuni kitu mate yanatoka mililita 0.3 mpaka 0.4 hivi kwa dakika na baikaboneti ni kidogo, ukianza kutafuna yanaruka mpaka mililita 1 hadi 3 kwa dakika na baikaboneti inapanda mara kadhaa. Yaani ukitafuna unapata mate mengi zaidi na pia makali zaidi dhidi ya asidi. Ukilala, bomba linakaribia kufungwa kabisa.

Sasa njoo kwenye kupanda na kushuka kwa pH, yaani kipimo cha asidi, namba ikishuka ujue asidi imezidi. Miaka ya 1940 mtafiti wa Marekani anaitwa Robert Stephan aliwapa watu maji ya glukosi wasukutue, halafu akapima pH ndani ya ule utando laini unaoganda kwenye meno, wenyewe tunauita ukoga. Alichokiona ndo kinafundishwa mpaka leo: kabla ya sukari pH iko karibu na 7, ndani ya dakika chache inaporomoka mpaka 5 au chini ya hapo, inakaa chini kidogo, halafu inapanda taratibu mpaka irudi ilipokuwa, na safari nzima inachukua kama nusu saa mpaka saa moja. Kinachoishusha ni bakteria wa kwenye ukoga, wanakula sukari wanatoa asidi. Kinachoipandisha ni mate, yanasafisha sukari, yanaingiza baikaboneti, yanatoa asidi nje. Na usidanganyike kwamba kutoka 7 mpaka 5 ni namba mbili tu, kila namba moja ni mara kumi, kwahiyo hapo asidi imeongezeka mara 100.

Mstari wa hatari kwa enameli ni pH ya 5.5 hivi. Chini ya hapo asidi inaivuruga ile fosfeti iliyomo kwenye majimaji yanayoligusa jino, yale majimaji yanakuwa hayajashiba tena, na jino linatoa madini yake kuziba pengo. Ikirudi juu ya mstari madini yanarudi kwenye jino, polepole. Kwahiyo kila ukila unakopa na mate yanalipa, deni moja moja halina neno. Huo mstari wenyewe haufanani kwa kila mtu, mwenye mate yenye kalsiamu kidogo kwake unakaa juu zaidi, na mzizi wa jino uliokwisha kuachwa wazi na fizi unaanza kuumia mapema zaidi, hata pH ikiwa 6 na kitu.

Turudi kwa shemeji. Chukua kwamba kila akipiga funda pH inakaa chini ya mstari dakika 40. Angeinywa ile chupa yote na chakula pale Chalinze saa 12 jioni, ingekuwa shambulio moja la dakika 40, saa 1 kasoro mdomo umetulia. Ila yeye anapiga funda kila dakika 20 mpaka saa 6 usiku. Kabla funda la kwanza halijasafishwa la pili limeingia, pH ikitaka kupanda inapigwa chini tena, kwahiyo ni saa 6 mfululizo chini ya mstari, ongeza dakika 40 za funda la mwisho, jumla dakika 400. Sukari ileile, chupa ileile, hela ileile, muda wa kuyeyuka umekuwa mara kumi. Na bado sijahesabu kwamba eneji yenyewe ina asidi, nyingi pH yake inacheza kwenye 3, kwahiyo inaligusa jino moja kwa moja hata bakteria wasipofanya chochote. Ndo maana ya "isiyo na sukari" nayo haijamuokoa mtu akiinywa kwa staili hiyo, inapunguza kazi ya bakteria ila asidi ya kwenye chupa iko palepale.

Kwahiyo jambo la kwanza kuhesabu kabla ya safari ni mara ngapi utafungua chupa, gramu za sukari zije baadae. Ukiihitaji eneji, inywe yote kwa mkupuo pamoja na chakula, funga kesi, baada ya hapo ni maji. Maji ya kawaida, sio maji ya ladha, mengi ya hayo yamewekewa asidi ya limao.

La pili, pima mate yako nyumbani, sio lazima uje kwangu. Asubuhi, angalau saa moja bila kula wala kupiga mswaki wala sigara, kaa umeinamisha kichwa, acha mate yadondoke yenyewe kwenye kikombe dakika 10, usiyavute wala usitafune. Halafu yavute na sirinji ya duka la dawa usome, povu usilihesabu. Mililita 3 au 4 uko vizuri. Ikiwa chini ya 1 mdomo wako ni mkavu na inabidi uonane na daktari, hata kama we mwenyewe huhisi ukavu, maana wengi wanazoea. Dalili nyingine ni mkate mkavu haumezeki bila chai, mate yana povu na yanavutika kama gundi, ulimi unang'ang'ania shavu.

Kwanini nakazania kiasi? Fikiria mdomo kama beseni dogo. Ukishameza inabaki kama mililita 0.8 ya mate, ikifika 1.1 unameza tena, kwahiyo kila ukimeza inaondoka kama robo ya sukari iliyomo, na kidogo juu. Mwenye mate ya 0.3 kwa dakika anajaza hiyo tofauti ndani ya dakika moja, baada ya kumeza mara 10, yaani dakika 10, imebaki sukari ya asilimia 4 tu. Mwenye 0.1 anahitaji dakika 3 kwa kila mmezo, kwahiyo kufika hapohapo ni nusu saa. Kiuhalisia utamu wenyewe unachochea mate mwanzoni kwahiyo dakika zenyewe zinapungua kwa wote, ila pengo kati ya hawa wawili linabaki.

Beseni lenyewe halisafishwi sawasawa pia, na hapa ndo jibu la kwanini meno ya juu ya mbele. Tundu kubwa za mate zipo chini ya ulimi, na nyingine shavuni karibu na magego ya juu. Meno ya chini ya mbele yanaogeshwa muda wote, ndo maana hapo nyuma yake panaota ukoga mgumu kama simenti, ni madini ya mate yamezidi. Meno ya juu ya mbele upande wa nje mate yanapita kwa kujikokota, na chupa inamwagia hapohapo.

La tatu, angalia vidonge ulivyonavyo. Piritoni inakausha mate (na dereva hatakiwi kuigusa kwanza, inalaza), amitriptilini inakausha, baadhi ya dawa za presha hasa zile za kukojoza nazo. Sisemi uache dawa ya presha, hapana, mwambie aliyekuandikia kwamba mdomo unakauka, huenda akabadilisha. Mirungi huku kwetu ni marufuku kwahiyo sitaki kuijadili sana, ila nayo inakausha mdomo na watu huisindikiza na soda, ambayo ni balaa juu ya balaa.

La nne, cha kutafuna. Beba bigijii isiyo na sukari, au karanga za kukaanga zisizo na sukari, tafuna mara tu baada ya kula, dakika 20 zinatosha kuamsha mate na kupandisha pH haraka. Bigijii ya sukari hapana, hiyo unalisha upande uleule unaopigana nao.

Ya mwisho ni kulala kwenye kabini. Funda la mwisho dakika 5 kabla ya kuvuta blanketi ndo baya kuliko yote, kwasababu mate yanaenda likizo na asidi inabaki inakaa. Maliza vitu vitamu saa moja kabla, sukutua na maji, ngoja, ndo upige mswaki. Usipige papo hapo baada ya eneji, enameli imelainika unaisugua. Dawa ya meno iwe na floraidi, tema lakini usisuuze, iache ibaki, maana madini yakirudi kwenye jino pakiwa na floraidi yanajenga enameli inayovumilia mpaka pH ya 4.5 hivi.

Shemeji alilalamika kuhusu kusinzia, nikamwambia usingizi dawa yake ni kupaki ulale, hakufurahi. Baada ya miezi kama saba nikamkausha yale meno kwa hewa nikaangalia: ile mistari myeupe bado ipo ila imekuwa ya kuteleza na inang'aa, ncha ya kifaa haikwaruzi tena. Yale mawili ya kahawia moja lilikuwa limeshatoboka, nikaliziba.