Sura tatu mfululizo: jinsi ya kupima kazi ya kila msimulizi

Miswada ya wasimulizi wengi ninayoletewa huwa na kasoro ile ile: jina juu ya sura limebadilika, mdomo ni ule ule. Dawa ninayotumia ni kupasua kwanza riwaya ya mtu mwingine, kisha kurudi kwenye mswada na kisu kile kile.

Ninayoipasua mara nyingi ni As I Lay Dying ya William Faulkner, iliyotoka 1930. Familia moja ya mashambani Mississippi, Marekani, inasafirisha maiti ya mama, Addie Bundren, kwa gari la nyumbu hadi mji wa Jefferson alikotaka kuzikwa. Ina sura 59 na wasimulizi 15, na kila sura imeandikwa jina la anayesema.

Hatua ya kwanza: hesabu zamu. Andika majina, weka alama kila mtu anapoingia. Darl, mmoja wa wana wa marehemu, ana sura 19. Mdogo wao Vardaman ana 10. Watu saba wamepewa sura moja moja tu, na hao ndio wa kuwakalia, maana mtu haitwi mara moja bila sababu. Mmoja wao ni Addie mwenyewe, anayesema akiwa amekwisha kufa siku kadhaa, sanduku lake limeshatumbukia mtoni na kuopolewa.

Hatua ya pili: chukua sura zinazofuatana, uzichoree safu tatu. Anajua nini, anakosea wapi, anaficha nini. Chukua sura ya Addie pamoja na ile inayoitangulia na inayoifuata.

Anayetangulia ni Cora, jirani mcha Mungu. Anakumbuka alivyomkemea Addie kwa kiburi chake, akimtolea mfano wa mchungaji Whitfield, mtu wa Mungu kweli kweli. Addie akamjibu kwamba kuna atakayemwokoa na maji na moto. Cora akadhani anamsema Mungu, kisha akang'amua kuwa anamsema mwanawe Jewel, akapiga magoti kumwombea. Safu ya "anaficha" kwa Cora ni tupu. Ya "anakosea" imejaa.

Kisha Addie. Kwake ndiko tunakojua kwamba Jewel si mtoto wa mumewe, ni wa Whitfield.

Halafu Whitfield. Anasimulia alivyofunga safari kwenda kuungama kwa mume kabla Addie hajasema. Njiani akasikia Addie amekufa bila kutoboa siri. Akaamua kuwa Mungu ameipokea nia yake badala ya tendo, akaingia nyumba ya msiba, akatoa baraka, basi.

Hatua ya tatu: ng'oa sura moja, usome zilizobaki. Ukimng'oa Cora, siri inabaki, lakini sifa alizommwagia mchungaji hazipo, kwa hiyo Addie anapoitoboa hakuna kinachoporomoka. Ukimng'oa Whitfield, unabaki na mzinzi, ila huoni anavyojisamehe mwenyewe, jambo ambalo hakuna mwingine angeweza kulisimulia. Sasa geuza mpangilio, Addie awe wa kwanza: Cora anakuwa kichekesho tangu mstari wa mwanzo, nasi hatudanganyiki pamoja naye. Sura isiyobadilisha kitu ikiondoka, ni ya kutupa.

Hatua ya nne: rudi kwako, funika jina. Msomee mtu nusu ukurasa bila kumwambia ni nani anasema. Asipotambua, anza na namna kila mmoja anavyomtaja mtu yule yule. Katika mswada wangu kuna kifo cha bibi mmoja. Mjukuu: "Bibi kalala, wamemfunika mpaka uso, hata hapumui vizuri." Mkwe: "Marehemu aliacha deni dukani. Nimelilipa, sijamwambia mtu." Jirani: "Mama wa watu alikuwa analia usiku, siye tunasikia, tunanyamaza." Mtoto hajui kilichotokea, mkwe anajihesabia wema, jirani anaungama bila kukusudia.

Hapo pia kagua maarifa yanayovuja: mjukuu akiwa shuleni hawezi kusimulia ugomvi wa jikoni. Faulkner alivunja sheria hii waziwazi. Darl anasimulia kifo cha mama yake akiwa mbali, kwenye safari ya kubeba mbao. Lakini kipawa hicho kinalipiwa. Majirani wanamwona mtu wa ajabu, na mwishowe anapelekwa hospitali ya wendawazimu huko Jackson. Mjukuu wangu hakulipia chochote, kwa hiyo ugomvi nilimpa jirani, ausikie kupitia ukutani, nusu nusu. Jirani huyo alikuwa na sura nne. Nilipozing'oa moja moja, tatu hazikuacha pengo.