Katuni ya mamba mkutanoni: usimtaje mamba

Umechora mamba amekaa kwenye mkutano wa ofisi, hapa Bukavu. Chini yake usiandike "Mamba ameingia mkutanoni", macho yameshamwona. Sentensi yako iwe ya mtu anayeongea kana kwamba hakuna cha ajabu. Angalia kwanza ni nani umemchora mdomo wazi, maana msomaji atampa huyo maneno. Kama mamba naye ameachama, mfunge mdomo, la sivyo watu watadhani ndiye anayesema.

Tuseme anayeongea ni mwenyekiti. Unaandika: "Mwenzetu wa Uvira anauliza kama kutakuwa na chakula, kwa sababu ana njaa." Kata kuanzia "kwa sababu", huko ni kuueleza mzaha. Sasa "chakula" ndilo neno la mwisho, na hapo msomaji anarudi kwenye mchoro kutazama nani amekaa karibu na yale meno.

Uvira nayo haikuja hivihivi. Ziwa Kivu la hapa Bukavu halina mamba, Ziwa Tanganyika la kule Uvira linao, kwa hiyo mtu wa Bukavu anacheka bila kuelezwa. Ukiwachorea watu wa Lubumbashi, weka Kalemie, nayo iko kando ya Tanganyika.