Mimba changa na hata maji hayakai: anza na kijiko cha chai

Juzi asubuhi nimefika kazini nikamkuta dada mmoja wa Shela amekaa barazani, ndoo ndogo mapajani, leso kaibana puani, na mama mkwe wake kasimama pembeni anasema huyu anadeka tu, sisi tumezaa 8 na maji tukichota kisimani. Mimi ni nesi mkunga hapa Lamu na hiyo habari ya kudeka nshaisikia mpaka nimechoka. Hakuna kudeka hapo. Mtoto na kondo lake wanatoa homoni inaitwa GDF15, inaingia kwenye damu ya mama mpaka kwenye ubongo, pale panapoamsha kutapika, na utafiti wa 2023 ulionyesha kwamba mwanamke ambaye kabla ya mimba alikuwa na homoni hiyo kidogo mwilini ndiye anayepigwa zaidi, manake mwili wake haujaizoea. Ndo mana dada mtu anabeba mimba anakula pilau na mdogo wake hawezi hata kusikia sufuria likifunuliwa.

Kwa wengi inaanza wiki ya 5 au ya 6, inakuwa kali karibu wiki ya 9, na ikifika wiki ya 14 mpaka 16 inapoa. Hapa sisemi juu ya kichefuchefu cha kawaida cha asubuhi, nasema juu ya wewe ambaye ukinywa nusu gilasi ya maji inarudi yote.

Kwanza kabisa, jiangalie kama wewe ni wa nyumbani au wa hospitali

Usianze vijiko kabla ya hili. Kama hujakojoa masaa 8, au mkojo ni kidogo na rangi ya chai ya mkandaa, au ukisimama kiza kinakujia machoni, au masaa 24 yamepita hakuna kilichokaa tumboni, au umetapika damu, nenda hospitali leo leo. Homa nayo usiichezee. Huku pwani kuna malaria, na malaria inatapisha vilevile, na mimba haileti homa hata siku moja, kwa hivyo ukiwa na joto ukapime damu. Maumivu ya tumbo, kutokwa na damu chini, au mkojo unaochoma ukiambatana na maumivu ya mgongo, hayo pia ni ya hospitali. Na kama unakaa Matondoni au visiwa vya mbali kama Pate usingoje magharibi iingie ndo uanze kutafuta boti, amua mchana.

Mizani pia itakusaidia. Chukua uzito wako wa kabla ya mimba, ukiwa umepungua zaidi ya asilimia 5 hiyo si ya kutibu nyumbani. Yule dada wa Shela alikuwa kilo 54, asilimia 5 yake ni kilo 2 na gramu 700, yaani mstari wake ni kilo 51 na kidogo. Tulimpima akaja 52.8. Mkojo alikuwa kapata alfajiri, wa manjano iliyokolea, homa hana, malaria tumepima hana. Nikasema basi tujaribu vijiko hapahapa barazani nikimuona.

Pumzisha tumbo dakika 15

Ukishatapika usinywe hapohapo. Najua kinywa ni kichungu na kiu imekushika, lakini tumbo bado linajikunja na chochote utakachotia kitatoka. Sukutua na maji, tema, ukae umeegemea, usilale chali. Meno usipige mswaki mpaka nusu saa ipite, manake asidi ya tumbo imelainisha jino na ukisugua unalila.

Unywe nini sasa

Maji matupu ndo magumu kuliko yote, na maji yetu ya visima yana ule uchumvi, mwenye mimba anauonja mara mbili. Mimi naanza na pakiti ya ORS. Soma pakiti yenyewe, nyengine ni za nusu lita na nyengine lita nzima, usikisie. Ukikosa, tengeneza: maji safi yaliyochemshwa lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilivyopigwa sawa, chumvi nusu kijiko cha chai pia kilichopigwa sawa. Onja, yasishinde chumvi ya machozi, yakishinda mwaga uanze upya. Madafu ni mazuri na yana potasiamu, ile inayopotea ukitapika, ila chumvi yake ni ndogo, kwa hivyo yawe pamoja na ORS sio badala yake.

Halafu yawe baridi. Kitu baridi hakina harufu, na hapa harufu ni nusu ya vita. Mwaga ORS au madafu kwenye trei ya barafu utie friza, kipande kimoja ukinyonye polepole mpaka kiyeyuke. Kuna wasioweza kijiko kabisa lakini barafu inakaa, sijui niseme nini, nimeona wengi.

Tangawizi inasaidia kichefuchefu kwa baadhi ya watu, vipande vyembamba kwenye maji moto kisha uache ipoe. Lakini kahawa ya tangawizi ya mabarazani hiyo iwache kwa sasa, tumbo tupu na kahawa haviendani.

Hesabu ya vijiko

Kijiko cha chai ni mili 5. Saa ya kwanza, kijiko kimoja kila dakika 5, weka alamu ya simu, usinywe kwa kiu, unywe kwa alamu. Hapo ni vijiko 12, mili 60. Utasema hiki ni nini, hakifiki hata kikombe cha kahawa. Ndio, lakini hicho kinakaa. Tumbo linakasirika likijazwa ghafla, likidondoshewa halijui. Saa ya pili vijiko viwili kila dakika 5, mili 120. Saa ya tatu vitatu, mili 180. Ukitapika popote hapo, pumzika tena dakika 15 na urudi kijiko kimoja, usirudi pale ulipoachia.

Dada yetu alianza saa tatu asubuhi. Saa nne mili 60 zote zimekaa, uso umerudi rangi kidogo, tukaingia vijiko viwili. Saa nne u nusu mimi nimeingia ndani kumuona mgonjwa mwengine, yeye kajisikia vizuri, kiu imemshika, kachukua gilasi kanywa nusu kwa mkupuo mmoja. Natoka nakuta ndoo imejaa na mama mkwe ananiangalia kama kwamba dawa yangu ndo imemponza. Hili ndo kosa kubwa kuliko yote na karibu kila mtu analifanya, ukipata nafuu unadhani umepona. Tukapumzika, saa tano kasorobo tukaanza upya kijiko kimoja, saa sita kasorobo viwili, saa saba kasorobo vitatu. Saa nane kasorobo alikuwa na mili 360 tumboni tangu tuanze upya, na muda mfupi baadaye akaenda chooni, mkojo mwingi kuliko wa alfajiri na manjano yamepungua. Mkojo ndo dalili yako ya kweli kuliko kiu na kuliko unavyojisikia. Nikamrudisha nyumbani na kazi: mpaka kulala afike angalau lita 1, na kila akikojoa aangalie rangi.

Chakula na mambo ya nyumbani

Usinywe na kula pamoja, weka nusu saa katikati. Kabla hujainuka kitandani kula kitu kikavu, biskuti au kipande cha mkate, ukae robo saa ndo unyanyuke. Baada ya hapo kidogo kidogo kila masaa 2, muhogo wa kuchemsha uliopoa, viazi, wali mkavu, mahamri na samaki wa kukaanga subiri kwanza. Na jamani anayepika apike mbali, na udi na ubani zizimwe wiki hizi chache, hata kama ni ijumaa. Marashi ya bwana pia, mwambieni.

Vidonge vya klinik vya damu, vile vya ayoni vilivyochanganywa na foliki, vinaongeza kichefuchefu kwa wengi. Usivitupe kimyakimya kama wanavyofanya, mwambie nesi akubadilishie upate foliki peke yake mpaka utulie, manake foliki ndo mtoto anaihitaji sana miezi hii ya mwanzo. Na ikiwa ni Ramadhani, mwenye mimba anayedhurika ana ruhusa ya kula na atalipa baadaye, kwa hivyo sitaki kusikia mtu katapika siku nzima na bado amefunga.

Vijiko visipotosha

Siku ya tatu dada alirudi. Vijiko vilikaa siku moja u nusu kisha vikakataa, anatapika nyongo ya kijani, mizani 51.1, amepita mstari wake. Hapo sikubishana tena na barafu, akapelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Kule alipimwa mkojo kuona kama kuna maambukizi, akapigwa skani kuhakikisha mimba iko sawa, manake mapacha na mimba ya zabibu, ile ambayo kondo linakua vibaya, pia hutapisha kwa nguvu, akatiwa dripu ya maji ya chumvi na potasiamu. Kuna jambo moja nataka mulishike. Watu wanapenda dripu ya glukosi, "nitilie sukari nipate nguvu". Aliyetapika wiki nzima mwili wake umeishiwa vitamini B1, thiamini, na ukimtilia glukosi kabla ya thiamini unaweza kumuumiza ubongo, anaanza kuona vitu viwili viwili, kuyumba na kuchanganyikiwa. Kwa hivyo ukienda, taja umetapika siku ngapi na hujala siku ngapi, na uulize kama utapata thiamini kwanza. Si ujuaji, ni haki yako kuuliza.

Dawa za kuzuia kutapika zipo na zimetumika kwa wajawazito miaka mingi. Mara nyingi inaanzwa vitamini B6, piridoksini, miligramu 10 mpaka 25 mara tatu kwa siku, peke yake au pamoja na doksilamini, isipotosha wanaongeza promethazini au metoklopramidi, na ondansetroni daktari anaiamua mwenyewe. Nyengine zinaleta usingizi. Usichukue dukani kwa jina ulilopewa na jirani, mwambie muuzaji una mimba ya wiki ngapi au bora uandikiwe.

Alilala huko siku mbili akatoka na B6 na promethazini ya usiku. Dawa anaimeza nusu saa kabla ya kinywaji chochote, kisha anaanza tena kijiko kimoja kila dakika 5, ila sasa alamu iko kwenye simu ya mama mkwe.